Hesabu inasema siku 42, ovadrafti inasema vingine

SWALI

Ndugu Mshauri,

Nina kampuni ndogo ya jumla. Nanunua bidhaa kwa wasambazaji wanaonipa siku 45 za kulipa, nauzia maduka ya rejareja kwa mkopo wa siku 30, na robo ya mauzo ni taslimu. Mwaka uliopita mauzo yalikuwa 730,000, gharama ya bidhaa zilizouzwa 584,000, na faida baada ya matumizi yote 36,000. Nilianza mwaka na 9,000 benki, na mwezi wa 8 ovadrafti yangu ya 100,000 ilikuwa imejaa hadi ukingoni.

Nilikokotoa mzunguko wa fedha, yaani siku ambazo fedha hukaa imefungwa kwenye biashara kabla ya kurudi, kwa kuchukua wastani wa salio la mwanzo na la mwisho wa mwaka. Stoki ilitoka 96,000 hadi 112,000, wadaiwa 70,000 hadi 80,000, wadai 88,000 hadi 104,000. Nikapata siku 65 za stoki, 37.5 za wadaiwa na 60 za wadai, yaani mzunguko wa siku 42.5. Mhasibu wangu anasema si kweli, ni zaidi ya 90. Yupi kakosea? Na je, niwaombe wasambazaji siku 60 ili nipumue?

Nimeambatanisha salio za kila mwisho wa mwezi, zote bila kodi ya ongezeko la thamani. Msimu wangu ni mwezi wa 9 hadi wa 12. Shehena huingia kila mwezi, na kila oda huchukua siku 45 kufika. Kuna pia wateja watatu wenye deni la jumla ya 12,000 ambao hawajalipa chochote mwaka mzima.

Mfanyabiashara wa Jumla

JIBU

Ndugu Mfanyabiashara,

Kanuni uliyotumia ni sahihi na hukukosea kugawanya. Kilichokuponza ni siku mbili ulizochagua kupimia. Umepima kina cha mto mara mbili, zote mbili wakati wa kiangazi, kisha unashangaa masika ulipozama.

Hizi ndizo salio ulizotuma, kwa maelfu. Safu ya mwisho nimeiongeza mwenyewe: ni stoki kujumlisha wadaiwa kutoa wadai, yaani fedha iliyofungwa ndani ya biashara siku hiyo.

| Mwisho wa mwezi | Stoki | Wadaiwa | Wadai | Iliyofungwa |
|---|---|---|---|---|
| Mwanzo | 96 | 70 | 88 | 78 |
| 1 | 110 | 78 | 62 | 126 |
| 2 | 128 | 84 | 64 | 148 |
| 3 | 140 | 90 | 68 | 162 |
| 4 | 152 | 95 | 71 | 176 |
| 5 | 160 | 99 | 73 | 186 |
| 6 | 168 | 102 | 75 | 195 |
| 7 | 174 | 104 | 75 | 203 |
| 8 | 176 | 106 | 74 | 208 |
| 9 | 166 | 104 | 70 | 200 |
| 10 | 152 | 101 | 66 | 187 |
| 11 | 138 | 96 | 72 | 162 |
| 12 | 112 | 80 | 104 | 88 |

Tazama mstari wa kwanza na wa mwisho, kisha tazama yote iliyo katikati. Mwisho wa mwaka stoki yako iko chini kwa sababu msimu umekwisha. Wadaiwa wako chini kwa sababu mmekimbizana nao kabla ya kufunga vitabu. Wadai wako juu kuliko mwezi wowote, na hilo halina uhusiano na msimu. Mwezi wa 12 stoki ilishuka, kwa hiyo manunuzi hayakuwa makubwa, lakini deni kwa wasambazaji likaruka kutoka 72,000 hadi 104,000. Hilo hutokea pale tu malipo yanaposogezwa mbele ili salio la benki lionekane zuri kwenye mizania. Mwaka uliotangulia mlifanya vivyo hivyo, ndiyo maana wadai wanaanza na 88,000 na mwezi mmoja baadaye ni 62,000. Vitu vyote vitatu vimeegemea upande mmoja siku ileile, na upande huo ndio unaofupisha mzunguko.

Wastani wa kutumia hapa ni wa salio 13: la mwanzo pamoja na miisho 12 ya miezi. Ukiwa na stoki kwenye safu B, wadaiwa C na wadai D, kuanzia mstari wa 2 hadi wa 14, andika hivi:

```
=AVERAGE(B2:B14)/584000*365
=AVERAGE(C2:C14)/730000*365
=AVERAGE(D2:D14)/600000*365
```

Ya kwanza ni siku za stoki, ya pili za wadaiwa, ya tatu za wadai. Kama jedwali lako liko kwa maelfu, andika 584, 730 na 600. Kuchanganya maelfu na tarakimu kamili ni kosa dogo linalotoa majibu ya ajabu.

Hiyo 600,000 ni manunuzi ya mwaka, ambayo hukuyatumia. Yanapatikana bila kufungua faili la ankara: chukua gharama ya bidhaa zilizouzwa, ongeza stoki ya mwisho, toa stoki ya mwanzo. Kwako ni 584,000 + 112,000 − 96,000. Wadai wanatokana na ulichonunua, na ulichouza hakiwahusu. Kwako tofauti ni ndogo, siku moja na nusu hivi, lakini katika mwaka ambao stoki imeongezeka sana, kugawanya kwa gharama ya mauzo kutakuonyesha unachelewesha wasambazaji kuliko hali halisi.

Wastani wa stoki ni 144,000, sawa na siku 90. Wadaiwa ni 93,000, siku 46.5 za mauzo yote. Wadai ni 74,000, siku 45. Mzunguko ni 90 + 46.5 − 45, yaani siku 91.5. Mhasibu wako yuko sahihi.

Sasa angalia ovadrafti kwa kutumia safu ya mwisho. Ulianza mwaka ukiwa na 78,000 zilizofungwa, na kufikia mwisho wa mwezi wa 8 zilikuwa 208,000. Biashara ilimeza 130,000 ndani ya miezi minane. Tukichukulia kwamba theluthi mbili ya faida ya mwaka, 24,000, ilikuwa imeingia, na 9,000 ulizoanza nazo zikatumika zote, bado zinahitajika 97,000. Kikomo chako ni 100,000. Zile 3,000 zilizobaki zingemalizwa na rejesho moja la mkopo au fedha chache ulizochukua kwa matumizi ya nyumbani. Faida ilikuwepo kweli. Ilikuwa imekaa kwenye makatoni na kwenye madaftari ya wateja.

Usipitwe pia na mwezi wa 1. Peke yake ulifunga 48,000, kutoka 78,000 hadi 126,000, na zaidi ya nusu ya hizo, 26,000, ni madeni ya wasambazaji yaliyopungua ulipolipa malimbikizo ya Desemba. Fedha mnayoionyesha benki siku ya kufunga vitabu mnaipoteza kabla ya mwezi kwisha. Kama benki inakupangia kikomo cha ovadrafti kwa kusoma mizania hiyo, inakupimia nguo ukiwa umevuta tumbo ndani. Mpelekee meneja wa mikopo jedwali la miezi 12.

Siku 46.5 au 62?

Hapa ndipo wengi hubishana bila sababu. Wadaiwa wako wanatokana na mauzo ya mkopo tu, ambayo ni robo tatu ya 730,000, yaani 547,500 kwa mwaka au 1,500 kwa siku. Gawanya 93,000 kwa 1,500, unapata siku 62.

Namba zote mbili ni za kweli ila zinajibu maswali tofauti. Ya 46.5 inaingia kwenye mzunguko, kwa sababu mzunguko ni wa biashara nzima, na robo ya mauzo hulipwa siku ileile. Ya 62 inakuambia mteja wa mkopo anakaa na fedha yako muda gani. Ukilinganisha 37.5 uliyopata na masharti yako ya siku 30, unadhani wateja wanachelewa wiki moja. Ukweli ni kwamba wanakaa mara mbili ya muda uliowapa.

Kabla ya kuwalaumu, soma maandishi ya ankara zako. Kama zinasema siku 30 tangu tarehe ya ankara, wateja wamechelewa siku 32. Kama zinasema siku 30 baada ya mwisho wa mwezi, au kama wateja ndivyo wanavyofanya kwa mazoea, basi aliyenunua tarehe 1 anapata karibu siku 60 na aliyenunua tarehe 30 anapata 30. Wastani wa masharti hayo ni siku 45, hata kila mmoja akilipa kwa wakati. Siku 15 unazipoteza kwa sentensi moja kwenye karatasi.

Kisha ondoa zile 12,000 za wateja watatu. Kwa 1,500 kwa siku, hizo peke yake ni siku 8 kati ya 62. Wateja walio hai wanadaiwa wastani wa 81,000, sawa na siku 54. Deni lililokufa lipime kando, kwa sababu lisipotengwa hutajua kama juhudi zako kwa wengine zinazaa matunda. Lakini jihadhari: ukilifuta vitabuni siku zitashuka kutoka 62 hadi 54 na mzunguko utapendeza, ilhali hakuna hata senti moja iliyoingia.

Kuna kipimo kingine kinachofaa kwa biashara ya msimu, kwa sababu wastani wa mwaka huficha mwenendo. Ni kuhesabu kurudi nyuma. Chukua salio la wadaiwa walio hai mwisho wa mwezi, toa mauzo ya mkopo ya mwezi huo, kisha ya mwezi uliotangulia, hadi salio liishe, huku ukihesabu siku. Sikuyaona mauzo yako ya mwezi mmoja mmoja, hivyo tuchukue mgawanyo unaoendana na msimu wako: mauzo ya mkopo mwezi wa 6 yawe 42,000, wa 7 44,000, wa 8 48,000, wa 11 60,000 na wa 12 65,000. Weka yako halisi mahali pake.

Mwisho wa mwezi wa 8 walio hai wanadaiwa 94,000. Toa 48,000 (siku 31), toa 44,000 (siku 31), zinabaki 2,000 ambazo ni sehemu ndogo ya mwezi wa 6, kama siku 1. Jumla siku 63. Mwisho wa mwezi wa 12 wanadaiwa 68,000. Toa 65,000 (siku 31), zinabaki 3,000 kati ya 60,000 za mwezi wa 11, siku 1.5. Jumla ni siku 33 hivi. Wateja walewale, ndani ya miezi minne, wameshuka kutoka 63 hadi 33.

Sehemu ya mabadiliko hayo ni msimu, maana maduka nayo yana fedha wakati huo. Lakini sehemu nyingine ni kwamba Desemba mtu aliwapigia simu. Kama kwa miezi 11 hakuna anayewafuatilia, lengo la siku 33 mwaka mzima ni ndoto, ila 45 kwa walio hai linafikika. Faida yake ni siku 9 × 1,500, yaani 13,500. Anza na ankara: itoke siku mzigo unapotoka ghalani, kwa kuwa kila siku inayolala kwenye meza ya karani ni 1,500. Halafu mizozo ya mzigo pungufu. Duka likipokea katoni 19 badala ya 20, huzuia ankara nzima, wala si katoni moja. Toa hati ya kupunguza deni siku hiyohiyo, usingoje mwisho wa mwezi. Na uweke siku maalumu, tuseme siku ya 50 tangu ankara, ambayo mteja hapewi mzigo mwingine wa mkopo hadi alipe, na dereva aijue vilevile kama unavyoijua wewe.

Stoki ndiyo mzigo mkubwa

Siku 90 za wastani zinaweza kuwa mbaya au za kawaida, kutegemea unajiandaa na nini. Kwa hiyo stoki usiigawanye kwa mauzo yaliyopita tu. Igawanye kwa mauzo yajayo, uone itatosha hadi lini.

Chukua mwisho wa mwezi wa 4, stoki 152,000. Kwa mgawanyo uleule wa mauzo, gharama ya bidhaa zitakazouzwa ni kama 38,500 mwezi wa 5, 45,000 mwezi wa 6, 47,000 mwezi wa 7 na 51,000 mwezi wa 8. Miezi mitatu ya kwanza inakula 130,500, siku 92. Zinabaki 21,500, sawa na siku 13 za mwezi wa 8. Yaani mwisho wa Aprili ulikuwa na mzigo wa siku 105 mbele yako, katika kipindi ambacho soko limelala. Bidhaa uliyoipokea Aprili ilikuwa ikisubiri Agosti.

Najua utakalojibu: oda huchukua siku 45, lazima nijilinde. Hapa kuna kosa linalofanywa hata na wenye uzoefu. Siku 45 za safari hazihitaji siku 45 za stoki ghalani, mradi oda inayofuata imekwisha kutumwa na iko njiani. Muda wa safari unakuambia uagize lini. Kiasi cha kuweka ghalani kinategemea mambo mawili: mwanya kati ya shehena na shehena, ambao kwako ni mwezi mmoja, na akiba ya kujikinga na meli kuchelewa au mauzo kupanda ghafla. Siku 30 za mwanya na 30 za akiba ni siku 60 pale shehena inapoingia. Nikupe 15 za ziada kwa kuwa hujazoea, ziwe 75.

Siku 75 mwisho wa mwezi wa 4 ni mwezi wa 5 wote (38,500), mwezi wa 6 wote (45,000) na siku 14 za mwezi wa 7 (21,000 hivi). Jumla ni karibu 105,000. Ulikuwa na 152,000. Tofauti ni 47,000 zilizonunua vitu mapema mno. Ukifanya hivyo hivyo mwisho wa mwezi wa 8, tukikadiria gharama ya mauzo 55,500 mwezi wa 9, 60,000 mwezi wa 10 na 64,000 mwezi wa 11, mzigo wa siku 75 ni karibu 145,000. Ulikuwa na 176,000, kwa hiyo ziada ni 31,000. Ziada ni ndogo zaidi hapo kwa sababu msimu uko mlangoni, na ni haki stoki iwe kubwa.

Fanya hesabu hii bidhaa kwa bidhaa, usiifanye kwa ghala zima. Wastani wa siku 75 unaweza kuwa na bidhaa zilizokwisha kabisa upande mmoja na bidhaa za mwaka mzima upande mwingine. Panga orodha yako kwa siku za kutosha, kubwa ikiwa juu, na mistari 20 ya kwanza itakuonyesha shida iko wapi.

Kuna jambo ambalo litakukatisha tamaa usipoambiwa. Ukipunguza oda leo, fedha haitaonekana benki kesho. Shehena iliyo njiani itafika na italipwa. Ile usiyoagiza leo ingefika baada ya siku 45 na kulipwa siku 45 baadaye, kwa hiyo unafuu unaanza kuuona baada ya miezi mitatu. Katikati hapo utaona stoki ikishuka na wadai wakishuka pamoja nayo, huku benki ikiwa palepale. Hapo ndipo watu huacha mpango wakidhani umeshindwa. Kama unataka Agosti iwe nyepesi, uamuzi wa oda unafanywa kuanzia mwezi wa 1.

Siku 60 kwa wasambazaji

Unaweza kuomba, lakini jua unachoomba. Manunuzi yako ni 1,644 kwa siku, hivyo siku 15 zaidi zinakupa karibu 24,700. Hizo unazipata mara moja tu. Mwaka wa pili masharti yaleyale hayakuongezei kitu, na siku manunuzi yakipungua, wadai hupungua na fedha hiyo hurudi ilikotoka. Zaidi ya hapo, kwa wastani wa siku 45 unalipa kwa wakati karibu mwaka mzima, kisha unawafungia bomba Desemba. Msambazaji anakumbuka Desemba. Ukiacha mchezo huo, ombi lako litasikika vizuri zaidi, hasa ukiomba siku 60 kwa shehena za mwezi wa 6 hadi wa 8 peke yake, ambazo kila mtu anajua zinangoja msimu.

Kuhusu wadai, hakikisha safu D ina wasambazaji wa bidhaa tu. Mishahara, kodi ya pango na kodi za serikali hazimo. Kama uliwahi kulipa malipo ya awali kwa msambazaji, programu za uhasibu mara nyingi huyaweka ndani ya leja ya wadai kama salio hasi, na jumla inaonekana ndogo. Yatoe na uyaweke kando: hiyo ni fedha yako iliyofungwa hata kabla mzigo haujawa stoki, na kanuni ya mzunguko haiioni kabisa.

Umefanya vizuri kutuma salio bila kodi ya ongezeko la thamani. Wasomaji wengine waangalie hapo: wadaiwa kwenye leja kwa kawaida wana kodi ndani, mauzo kwenye taarifa ya faida hayana. Kwa kiwango cha asilimia 15, salio la 93,000 lenye kodi ni 80,870 bila kodi, na ukisahau kugawanya kwa 1.15 siku 40 zitaonekana 46.5.

Kuzigeuza siku kuwa fedha

Usizidishe 91.5 kwa namba moja. Ukizidisha kwa 1,600, gharama ya siku, unapata 146,400. Ukizidisha kwa 2,000, mauzo ya siku, unapata 183,000. Zote si sahihi, kwa sababu kila sehemu ina kizio chake. Wastani halisi wa fedha iliyofungwa ni 163,000, na unausoma moja kwa moja kwenye jedwali. Siku moja ya stoki ni 1,600, siku moja ya mteja wa mkopo ni 1,500, siku moja ya msambazaji ni 1,644.

Kwa mpango wa stoki ya siku 75 na walio hai siku 9 pungufu, kilele cha mwezi wa 8 kinashuka kwa 31,000 za stoki na kama 13,000 za wadaiwa: kutoka 208,000 hadi 164,000 hivi. Ovadrafti iliyokuwa imejaa 100,000 inasimama karibu na 56,000, bila kuwagusa wasambazaji. Zile 12,000 za wateja watatu sikuzihesabu. Zikija, zipeleke kwenye ovadrafti siku hiyohiyo, na usiwape mzigo mpya wa mkopo kwa furaha ya kulipwa.

Kila mwisho wa mwezi ongeza mstari mmoja kwenye jedwali na ufute ule wa zamani kabisa, ili wastani ubaki wa salio 13. Mwezi wa 4 ujao linganisha safu ya mwisho na 176.